Siri ya chama, akiba za watu

WINO WA KIJANI
Na Namkunda Mbwambo

Jumamosi iliyopita nilikuwa Ngujini, msibani. Jioni, wageni wa mbali walipoanza kuaga, mjomba mmoja wa ukoo alisimama kusoma rambirambi. Alizihesabu noti mbele ya watu wote, kijana mmoja akirudia hesabu nyuma yake, mwingine akiandika kwenye daftari. Ikatajwa jumla ya 638,000. Bibi mmoja akasema hapana, sarafu yangu ya 200 haijatajwa. Mjomba akakung'uta kitambaa kilichokusanyiwa rambirambi, sarafu ikadondoka, akaomba radhi na kusoma upya: 638,200. Watu wakaitikia, nami nikaitikia kwa moyo mweupe.

Haikupita nusu saa, mtu yule yule akanifuata chini ya mparachichi akiwa na binti wa miaka ishirini na kitu. Ni mwenyekiti wa bodi ya SACCOS, ambayo haiko Ngujini, na mahali ilipo sitapataja. Binti ndiye mhasibu wake.

"Dada, wewe umekagua vitabu miaka mingi," akaniambia. "Hebu mweleweshe mwenzio. Anashikilia mambo ya darasani wakati mkutano mkuu umekaribia."

Nimekuwa na hasira tangu siku hiyo, na wanaonisoma kila wiki wanajua kwamba wino huu ukishaanza kuchuruzika haufutiki kwa urahisi.

Alichotaka nimweleweshe binti ni hiki. Tarakimu nimezibadili ili chama kisijulikane, lakini mwendo wake ni ule ule. Chama kina mikopo mitatu mikubwa, jumla milioni 18, ambayo haijalipwa hata senti kwa zaidi ya mwaka. Mmoja ni wa mjumbe wa bodi. Riba iliyolimbikizwa juu ya mikopo yote mitatu imefika milioni 2. Tarehe 30 Desemba wakopaji hao watatu wakaandikiwa mikopo mipya ya jumla ya milioni 20, na kwa mikopo hiyo wakaonekana wamelipa ile ya zamani pamoja na riba yake. Hakuna aliyepokea fedha, wala hakuna aliyeleta fedha. Karatasi ilizunguka mezani ikarudi pale pale. Leja ya mwisho wa mwaka inaonyesha mikopo yenye umri wa siku moja, ile milioni 2 imeingia kwenye mapato, na mwaka umefungwa kwa faida ya milioni 6. Bodi inataka kutangaza gawio la milioni 4.

Sasa zirudishe hesabu zilivyo. Ondoa riba ya milioni 2 ambayo haijaingia. Kisha, kwa kuwa mikopo hiyo ni chechefu, tenga milioni 18 kwa ajili ya hasara. Ile faida ya milioni 6 inageuka hasara ya milioni 14. Mwenyekiti atasema kuna dhamana ya shamba, na kweli, shamba likiuzika hasara itapungua. Lakini nilipomuuliza kama hati ya shamba hilo ipo kwenye jalada, alitazama pembeni. Na gawio la milioni 4, kwa kuwa faida haipo, litachotwa kwenye akiba za wanachama wenyewe. Mama anayeweka elfu tano kila siku ya gulio atakabidhiwa sehemu ya fedha yake mwenyewe, apige makofi, arudi nyumbani akiamini imezaa.

Kuligundua jambo hili hakuhitaji mtu mwenye CPA. Mkopo wa kweli huacha alama benki au kwenye sanduku la fedha. Chukua hati za malipo za wiki ya mwisho ya Desemba, ziweke kando ya taarifa ya benki, utafute milioni 20 ilitokea wapi. Halafu ufungue Januari na Februari uone kama wakopaji hao wapya wamerejesha chochote.

Binti amekataa kusaini. Ndipo mwenyekiti akatoa silaha yake: "Hii ni siri ya kazi. Ukitamka nje, mimi mwenyewe nitakushitaki NBAA kwa kuvunja maadili." Alilisema mbele yangu, kwa sauti ile ile aliyosomea rambirambi.

Ni kweli kanuni za maadili ambazo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu inawafunga nazo watu wake zinadai usiri. Lakini kanuni hizo hizo zinamkataza mhasibu kuhusishwa na taarifa anayojua kuwa ni ya uongo, na usiri unakoma pale sheria inapodai taarifa itolewe. Usiri uliwekwa kumlinda mwanachama ili mshahara wake, deni lake na kiwanja chake visiwe gumzo la kilabuni. Mwenyekiti ameuchukua ulinzi wa wanachama akaufanya kifuniko cha kuwafichia hasara yao wenyewe.

Na kwa sababu hiyo hiyo nilimkatalia binti naye jambo moja. Tulipobaki wawili aliniambia, "Shangazi, nimefikiria kupiga picha fomu za mikopo nizitupe kwenye kundi la WhatsApp la wanachama." Nikamwambia usithubutu. Humo mna siri za watu wasio na hatia, na ukifanya hivyo mwenyekiti atakuwa amepata kosa la kweli la kukushitakia. Andika barua kwa meneja na bodi, ueleze ulichoagizwa, tarehe, na kwa nini huwezi kusaini. Baki na nakala yenye saini ya mpokeaji. Wasipojibu, nenda kwenye kamati ya usimamizi, kwa kuwa wajumbe wake wamechaguliwa na mkutano mkuu kuiangalia bodi hiyo hiyo. Waulize NBAA ushauri bila kutaja majina ya wakopaji. Mkaguzi wa nje akija, mjibu kila anachouliza. Na kama kamati nayo imelala, ipo Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

"Mkaguzi?" akaniuliza. "Shangazi, mwaka jana alilala kwa mwenyekiti. Na ana mkopo kwetu."

Nilikaa kimya. Mkaguzi anayedaiwa na chama anachokikagua atatoaje maoni kuhusu mikopo chechefu, ikiwa wake unaweza kuwa mmojawapo? Hili nalo nilimwambia aliandike kwenye barua.

Najua ninachomtwisha. Mwaka 2006 wakaguzi walipohoji malipo ya akaunti ya EPA pale Benki Kuu, hawakuifikisha kazi ile mwisho. Ilimaliziwa na wengine, na Januari 2008 taifa likaambiwa kwamba shilingi bilioni 133 zilikuwa zimelipwa isivyo halali kwa kampuni 22. Kampuni kubwa ya ukaguzi ikimpoteza mteja mmoja, kesho ina wengine. Binti huyu ana ajira moja, mdogo wake anasoma kwa mshahara huo, na anayemshinikiza anaketi naye msiba mmoja. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ipo, lakini haimlipii ada mdogo wake.

Babu zetu wa Upare mwaka 1945 walishuka milimani wakajaa Same kuikataa kodi ya mbiru, iliyompangia kila mtu kiwango kwa kumkadiria mali yake. Hawakukubali kuwekewa tarakimu na mtu aliyejifungia na daftari. Leo mjukuu wao ndiye aliyejifungia na daftari.

Mjomba, gazeti hili najua unalisoma, na jina lako sijalitaja. Siku ya mkutano mkuu simama kama ulivyosimama Ngujini, utandaze kitambaa, uisome ile mikopo mitatu mmoja mmoja, na yule bibi wa sarafu ya 200 mkalishe mstari wa mbele.