Harufu ya Pombe Si Utambuzi wa Ugonjwa

Chukulia mfano huu wa kubuni. Saa nne usiku, mwanamume wa miaka 46 analetwa na bodaboda katika chumba cha dharura cha hospitali ya wilaya. Nguo zake zina matope, ananuka pombe, maneno yake hayaeleweki, na anamsukuma muuguzi anayejaribu kumshika mkono. Katika jalada lake yanaandikwa maneno mawili: "Amelewa. Apumzike." Saa tisa usiku mkewe anafika na kusema, "Nesi, mume wangu ana kisukari. Jioni alijichoma insulini, kisha akatoka bila kula." Sukari inapimwa na kukutwa milimoli 1.6 kwa lita. Anapewa glukosi ya mshipani, lakini anazinduka polepole mno, na siku ya kuruhusiwa bado anasahau majina ya wanawe.

Kosa la kwanza ni la dhana mgando: sura ya mlevi ilitosha kufunga uchunguzi. Lakini jasho, kuyumba, ukali na maneno ya kukatika ni dalili za ulevi, na pia ni dalili za sukari kushuka. Isitoshe, pombe huzuia ini kutengeneza sukari mpya, hivyo mtu aliyekunywa bila kula, hasa anayetumia insulini, yumo hatarini zaidi. Harufu iliyomnyima mgonjwa kipimo ndiyo iliyopaswa kumharakishia. Tone moja la damu lingetoa jibu chini ya dakika moja.

Kosa la pili lilitokea asubuhi, katika kikao cha kujadili tukio. Daktari alisema mgonjwa alijitakia na ndugu walichelewa. Kuhusu muuguzi, alisema ni mzembe. Muuguzi naye alieleza kwamba alikuwa peke yake na wagonjwa 38, na kipimo cha sukari kilikuwa kimefungiwa wodi nyingine. Wiki moja kabla, timu hiyohiyo ilimwokoa mwalimu aliyeletwa na hali kama hiyo, akiwa amevaa suti. Siku ile hakuna aliyetaja ndugu waliomwahisha wala kipimo kilichokuwa karibu. Wote walisifu umakini wao. Mafanikio yalikuwa ya timu, maafa yakawa ya mgonjwa. Huo ndio upendeleo wa nafsi.

Tabia hii si ya watu waovu tu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1967, Edward Jones na Victor Harris waliwapa wanafunzi insha za kumuunga mkono au kumpinga Fidel Castro. Hata walipoambiwa kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kutetea, wasomaji bado walielekea kudhani kwamba aliyoandika ndiyo imani yake. Mwaka 1977 Lee Ross aliliita kosa hilo la msingi: kumhukumu mtu kwa tabia yake na kusahau mazingira yaliyomsukuma.

Kwa hiyo, kuwahimiza watumishi "wasihukumu" hakutoshi, kwa kuwa hukumu huja kabla ya fikra. Kinachofaa ni kubadili utaratibu. Kila anayeletwa akiwa amechanganyikiwa apimwe sukari kabla ya kuitwa jina lolote, na kipimo kikae mahali ambapo mtu wa zamu ya usiku hahitaji ufunguo. Katika kukabidhiana zamu, kiandikwe kilichoonekana: "Ananuka pombe, hajitambui vizuri, sukari haijapimwa." Sentensi hiyo inamwachia anayefuata kazi ya kufanya, neno "amelewa" linamwambia kazi imekwisha.

Kikaoni nako liulizwe swali moja: je, mtumishi mwingine mwenye ujuzi uleule, akiwa peke yake na wagonjwa 38 na bila kipimo, angefanya tofauti? Ikiwa jibu ni hapana, kumkaripia muuguzi hakutamlinda mgonjwa ajaye. Ikiwa ni ndiyo, basi uzembe upo na uwajibikaji una mahali pake, kwani mazingira nayo yasigeuzwe kichaka cha kujifichia. Katika mfano huu majibu ni mawili. Kutokuwapo kwa kipimo ni tatizo la hospitali. Kuandika "amelewa" bila kuagiza kipimo hicho kiletwe ni kosa ambalo mtumishi angeweza kuliepuka.

Mgonjwa wa kisukari na nduguze wana nafasi yao pia. Kadi ya kliniki ikae mfukoni kila atokapo. Na ndugu anayefika hospitalini asione haya kusema: "Hivi sivyo alivyo siku zote, tafadhali mpimeni sukari." Ombi hilo halimshutumu mtumishi yeyote, bali linaufungua tena uchunguzi uliokuwa umefungwa na harufu.