Ubadilishaji wa mapato usiwe wa kuchagua siku

Katika mji wa Kitengela, na kote Kajiado hadi kule Magadi, swali moja huulizwa kila mzozo wa kodi ya ardhi kati ya Serikali ya Kaunti na kampuni ya Tata Chemicals Magadi unapozuka upya: je, kampuni hii ni kubwa kiasi gani? Wanafunzi huuliza kwa namna yao: kati ya Tata Chemicals na Safaricom, ni ipi iliyo kubwa? Swali ni la haki. Ninalolalamikia ni majibu, kwa kuwa nimesikia watu watatu wenye akili timamu wakitoa hesabu tatu zinazopishana kwa mabilioni, na kila mmoja akiapa kuwa ametumia takwimu za kampuni yenyewe.

Kwa kweli wote walizitumia. Kosa liko katika kugeuza rupia kuwa shilingi.

Tata Chemicals ni kampuni ya India. Iliinunua kampuni ya Uingereza ya Brunner Mond mwaka wa 2005, na kwa ununuzi huo ikajipatia na kiwanda cha Magadi. Mwaka wake wa fedha huisha Machi 31, sawa na wa Safaricom, na hili hurahisisha mlinganisho. Katika mwaka ulioishia Machi 2024, kundi zima la Tata Chemicals lilitangaza mapato ya mauzo ya rupia krori 15,421. Krori moja ni laki mia moja, yaani milioni 10. Kwa hivyo tunazungumza juu ya rupia bilioni 154.2. Mwanafunzi asiyeanza kwa hatua hii atapotoka kabla hajaigusa shilingi. Safaricom nayo ilitangaza shilingi bilioni 349 hivi kwa mwaka huo huo.

Sasa rupia moja ilikuwa shilingi ngapi? Hapo ndipo penye mtego. Mwishoni mwa Machi 2023, rupia ilikuwa karibu shilingi 1.61. Shilingi yetu ikaporomoka mwezi baada ya mwezi, watu wakihofia ulipaji wa hatifungani ya dola bilioni 2 iliyokuwa imefika karibu kukomaa, hata mwishoni mwa Januari 2024 rupia ikafikia shilingi 1.93 hivi. Mwezi wa Februari serikali ilipata mkopo mpya na kuinunua sehemu kubwa ya hatifungani hiyo, shilingi ikapanda kwa kasi, na ilipofika mwisho wa Machi rupia ilikuwa imerudi karibu 1.58.

Anayetumia kiwango cha mwisho wa Januari hupata shilingi bilioni 298, na husema kuwa Tata Chemicals ni asilimia 85 ya Safaricom. Anayetumia kiwango cha siku ya kufunga vitabu hupata bilioni 244, ambazo ni asilimia 70. Tofauti ni bilioni 54, na hakuna hata gunia moja la magadi lililouzwa au kupotea kati ya hesabu hizo mbili. Mwenye kutaka kampuni ionekane tajiri, ili itozwe zaidi, atachagua Januari. Mwenye kutaka ihurumiwe atachagua Machi. Hii ndiyo sababu kanuni inahitajika kabla ya mabishano kuanza.

Kanuni yenyewe si ngeni kwa wahasibu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu nambari 21 kinatenganisha mambo mawili. Mali na madeni, ambayo ni picha ya siku moja, hugeuzwa kwa kiwango cha siku hiyo. Mapato hayapatikani kwa siku moja. Huingia kidogo kidogo mwaka mzima, na kila mauzo yalikuwa na kiwango cha siku yake. Kwa kuwa haiwezekani kufuatilia kila ankara, hutumika wastani wa mwaka. Wastani wa mwaka huo ulikuwa karibu shilingi 1.75 kwa rupia, na hivyo mapato ni kama shilingi bilioni 270, yaani asilimia 77 ya yale ya Safaricom.

Lakini tahadhari: wastani haumaanishi kujumlisha kiwango cha siku ya kwanza na cha siku ya mwisho kisha kugawa kwa mbili. Ukifanya hivyo hapa utapata shilingi 1.60, na kile kilima chote cha mwezi wa Januari kitakuwa kimefutika. Chukua viwango vinavyotangazwa na Benki Kuu ya Kenya kila siku ya kazi, au angalau wastani wa kila mwezi kwa miezi yote 12. Na ikiwa mauzo ya kampuni huja kwa msimu, geuza mapato ya kila robo mwaka kwa wastani wa robo hiyo, kisha ujumlishe.

Kuna mtego wa pili, nao huwanasa hata walio makini. Mwaka uliotangulia, ule ulioishia Machi 2023, Tata Chemicals ilitangaza krori 16,789. Wastani wa mwaka huo ulikuwa karibu shilingi 1.50 kwa rupia, nazo ni shilingi bilioni 252. Tazameni sasa: kwa shilingi, kampuni inaonekana kukua kutoka bilioni 252 hadi bilioni 270, ongezeko la asilimia 7. Kwa rupia, mapato yalipungua kwa asilimia 8. Kila mwaka umegeuzwa kwa wastani wake halali, na bado jibu la ukuaji ni la uongo, kwa sababu kilichopimwa ni kudhoofika kwa shilingi. Basi ukubwa ulinganishwe kwa shilingi, lakini ukuaji upimwe kwa fedha ambayo kampuni hutolea hesabu zake.

La mwisho linahusu Kajiado yenyewe. Zile shilingi bilioni 270 ni za kundi zima, lenye viwanda vya Mithapur nchini India, vya Marekani na vya Uingereza. Safaricom nayo hujumlisha biashara yake ya Ethiopia, kwa hivyo kundi kwa kundi mlinganisho ni halali. Kulinganisha kundi zima na uwezo wa kiwanda cha Magadi wa kulipa kodi ya ardhi ni jambo jingine kabisa. Kwa hilo zatakiwa hesabu za kampuni ya Magadi peke yake, na hapo pia pana angalizo: magadi huuzwa ng'ambo kwa dola, kwa hiyo shilingi inapoanguka mapato yake kwa shilingi huvimba hata kama tani ni zile zile.

Nawaomba walimu wa masomo ya biashara wasikubali jibu lolote la namna hii lisilotaja mambo matatu: ni kiwango gani kilichotumika, ni cha kipindi gani, na mapato ni ya kundi au ya kiwanda kimoja. Viongozi wetu wa kaunti na wasemaji wa kampuni nao waulizwe hayo hayo wanapotutajia mabilioni. Atakayeshindwa kujibu hajatupa hesabu, ametuchagulia siku.