Tiki mbili si lazima awe ni yeye: Venye laini ya zamani inaendelea kupokea meseji

Tuseme sista yako, tumwite Achi, alienda Saudia kazi. Laini yake ya Kenya ako nayo kwa pochi, lakini WhatsApp ya hiyo namba bado inashika na Wi-Fi ya huko. Miezi inasonga, siku moja simu inaanguka na kudedi. Mathee huku nyumbani anatuma "Mwanangu uko sawa?" Tiki moja. Wiki mbili, bado tiki moja. Halafu asubuhi moja, tiki mbili, kisha zinageuka bluu. Mathee anapiga vigelegele.

Lakini si Achi amesoma. Ni msee amenunua laini jana hapa Tao.

Sikia vile imefika hapo. Kampuni ya simu haijali kama uko WhatsApp. Inaangalia kama laini inatumika kwa mtandao wake: kupiga, SMS, bando, kuweka kredo. Ukikaa kimya kwa muda waliouweka, laini inafungwa, namba inakaa kando kidogo, halafu inauziwa mtu mwingine. Namba ni kama keja. Ukihama, caretaker anaiweka mpangaji mpya, na hakuna mtu anaambia beste zako.

Sasa huyo mpangaji mpya akifungua WhatsApp anapata nyumba tupu. Chati za Achi hazioni, kwa sababu hazikuwahi kukaa kwa namba. Zilikuwa ndani ya simu yake. Seva ya WhatsApp inapeleka meseji, ikishafika inaifuta. Na kama Achi alikuwa na bakap ya Google, kuifungua kunataka namba pamoja na akaunti yake ya Google. Msee wa Tao ako na namba tu. Kwa hivyo kama uliuza ama ukapoteza laini na unaogopa mtu anasoma stori zako za mwaka jana, hapo pumua.

Shida ni meseji zenye hazikuwa zimefika. Zile za tiki moja, seva inazishikilia hadi siku 30. Zimefungwa na ufunguo wa simu ya Achi, so hata simu mpya ikizipata haiwezi kuzifungua. Lakini msee akisajili namba, simu yake inatengeneza ufunguo mpya, na simu ya mathee inaweza kufunga upya zile meseji na huo ufunguo na kuzituma tena yenyewe, bila kumuuliza. Hii kitu ilizua kelele kubwa 2017. WhatsApp wakasema waliiweka hivyo makusudi, ndio mtu akibadilisha simu ama laini meseji zisipotee njiani. Inasaidia wengi, lakini namba ikiwa imehama mikono, swali la mathee linaingia kwa mtu hamjui.

Na zote zenye atatuma kuanzia leo pia zitaenda huko. Kwa simu ya mathee bado imeandikwa "Achi", juu hilo jina ni yeye alilisevu.

SMS ndio mbaya zaidi, kwa sababu haina ufunguo wowote. Anayeshika laini ndiye anasoma, hata kama ni kodi ya kufungua akaunti yako. Watafiti wa chuo cha Princeton, Marekani, walichukua namba 200 zilizotumika awali wakakaa nazo wiki moja tu. Namba 19 zilipokea simu na meseji za siri za wenyewe wa zamani, zikiwemo kodi kama hizo.

Utajuaje mwenye namba amebadilika? Picha ya profaili kupotea ghafla ni dalili. Akaunti ikikaa siku 45 bila kutumika halafu iamkie kwa simu ingine, WhatsApp huchukulia namba imepata mwenyewe mpya na kufuta picha ya zamani. Dalili nzuri zaidi ni ile notisi ya "Your security code with Achi changed". Wengi hawaioni kwa sababu imezimwa. Enda Settings, Account, Security notifications, uiwashe kwa simu ya mathee leo. Lakini usipanik ukiiona, inakuja pia mtu akinunua tu simu mpya. Piga, usikie sauti. Kabla ya hapo usitume doo.

Na kama ni wewe unasafiri, pata laini ya huko, halafu utumie Change number ndani ya WhatsApp kabla ile ya huku ikufe. Namba ya benki na ya imeil pia ubadilishe.

Na wewe umenunua laini jana ukaamkia "Mwanangu uko sawa?", usiiache bluu tu. Jibu: "Mathee, hii laini imepata mwenyewe mwingine. Mtafute kwa njia ingine." Ni sekunde kumi, na huyo mama ataacha kungoja jibu lako.