UCHAMBUZI: Ujumbe halali wa benki unavyotumiwa kufagia akiba Kitui na Makueni

Mkulima wa ndengu wa Kitui au wa maembe wa Makueni anapopokea simu ya mtu anayejitambulisha kuwa ofisa wa benki, aghalabu pesa zake bado ziko salama. Aliyepiga hana kadi ya mkulima huyo, hajui nambari yake ya siri, wala hajavunja mtambo wowote wa benki. Anachokosa ni tarakimu chache tu, kwa kawaida nne hadi sita, ambazo zitaingia katika simu ya mkulima wakati mazungumzo yakiendelea. Hizo ndizo zinazojulikana katika jumbe za benki kama OTP, yaani msimbo unaotumika mara moja na kuisha nguvu baada ya dakika chache.

Jambo linalowaponza wengi ni kwamba ujumbe huo ni wa kweli. Unatoka benki, unabeba jina la benki, na katika simu nyingi unajipanga chini ya jumbe zile zile ambazo mteja amekuwa akipokea kila anapoweka au kutoa pesa. Tapeli hahitaji kughushi chochote. Humwambia tu mteja, "Nimekutumia ujumbe sasa hivi, hebu uangalie", na ujumbe unapoingia papo hapo huwa ushahidi kwamba mpigaji simu ni wa benki kweli. Mtu aliyekuwa na shaka dakika moja iliyopita huiona shaka hiyo ikiyeyuka kwa sababu benki yenyewe, bila kujua, imemtolea tapeli ushahidi.

Ili kuelewa yanayotendeka upande wa pili wa simu, chukulia mama mfanyabiashara wa ndengu mjini Mwingi ambaye amemaliza kuuza mavuno ya mvua za vuli na ana Sh64,000 katika akaunti. Mpigaji simu anamtaja kwa majina yake yote matatu. Mama anashtuka, lakini jina si siri kubwa nchini Kenya. Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kutuma pesa kwa M-Pesa ameonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, utaratibu ambao Safaricom iliuanzisha ili kuzuia pesa kwenda kwa mtu asiye sahihi. Nambari ya kitambulisho nayo imeandikwa katika madaftari ya mawakala wa pesa, na katika vitabu vya wageni ambavyo walinzi wa milangoni hukifungulia kila anayeingia katika jengo. Anayepata kurasa chache za daftari kama hilo ana jina, kitambulisho na nambari ya simu katika mstari mmoja.

Wakati huo tapeli ameshika simu nyingine mkononi. Ameweka humo programu ya benki ya mama huyo na kuanza kuisajili kana kwamba yeye ndiye mteja aliyenunua simu mpya. Programu inamuuliza nambari ya simu na nambari ya kitambulisho au ya akaunti. Baadhi ya benki huuliza pia tarakimu za kadi, na ndiyo sababu mpigaji simu huweza kuanza kwa kumwomba mama "athibitishe" kadi yake. Akishajaza hayo, mtambo wa benki unatuma msimbo kwa laini iliyosajiliwa, ambayo ni ya mama. Hapo tapeli amefika mlangoni, na ufunguo uko Mwingi.

Mazungumzo yanayofuata hupangwa kwa saa. Msimbo utakufa baada ya dakika chache, kwa hivyo mama haachwi apumue. Anaambiwa kuna mtu anajaribu kuiba pesa zake kutoka mji mwingine, na kwamba akikata simu benki haitaweza kuzuia wizi huo. Ni hila ya ukatili wa aina yake: hofu ya matapeli ndiyo inayotumiwa kumkabidhi mikononi mwa tapeli. Akisoma tarakimu zile, programu inafunguka katika simu ya mgeni, nambari mpya ya siri inawekwa, na Sh64,000 zinagawanywa. Fungu moja linaenda kwa laini ya M-Pesa, jingine kwa akaunti ya benki tofauti kupitia Pesalink, mfumo wa benki unaofikisha pesa papo hapo. Wenzake wa tapeli wanazitoa kwa mawakala hata kabla mama hajaanza kujiuliza kwa nini simu ilikatika ghafla. Benki ikiwa inatoa mikopo kupitia programu hiyo, mkopo nao huweza kuchukuliwa kwa jina lake, hivi kwamba siku inayofuata anaamka akiwa hana akiba na ana deni.

Inafaa kutofautisha ulaghai huu na ule wa kubadilisha laini, ambapo tapeli huhamishia nambari ya mteja katika kadi nyingine na simu ya mwenyewe kupoteza mtandao. Dhidi ya huo, Safaricom ilitoa njia ya kubonyeza *100*100# ili laini isibadilishwe na wakala yeyote. Kinga hiyo haimsaidii mama wa Mwingi. Laini yake iko mkononi mwake, ina mtandao na inafanya kazi barabara.

Ulaghai huu unaathiri Kenya nzima, na anayepiga simu huenda hajawahi kukanyaga Ukambani. Mji mdogo wa Mulot, mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, umetajwa mara kwa mara na wapelelezi wa DCI wanapowanasa washukiwa wa wizi wa simu. Hata hivyo, mazingira ya Kitui na Makueni yanaufungulia njia kwa namna ambayo benki hazijaitilia maanani vya kutosha.

Kwanza ni suala la lugha. Jumbe nyingi za msimbo zina onyo kwamba usimpe mtu yeyote, lakini onyo hilo huandikwa kwa Kiingereza. Kwa mzee wa Mutomo au Kibwezi anayezungumza Kikamba na Kiswahili, sehemu pekee ya ujumbe anayoielewa bila msaada ni tarakimu, na tarakimu ndizo anazotakiwa azifiche. Wengi wao hutumia simu za kabambe, ambazo si rahisi kusoma ujumbe huku ukizungumza. Tapeli mzoefu analijua hilo, kwa hivyo humwelekeza mzee aweke sauti ya juu na kumpa mjukuu simu asome. Mtoto husoma kile alichoombwa, yaani nambari, na kuruka maneno. Onyo linakuwa limefika katika nyumba hiyo bila kusikika na mtu.

Pili ni adabu. Tapeli anayemwita mwanamke mzee "mwaitu" na kumsalimu ipasavyo kabla ya kutaja benki amejipatia nusu ya kazi. Kumkatia simu kijana mwenye heshima ambaye anasema anakusaidia ni jambo ambalo wazazi wengi wa sehemu hizo huona ni utovu wa adabu. Kwa wazee waliotimiza miaka 70 na wanaopokea Sh2,000 kwa mwezi chini ya mpango wa serikali wa Inua Jamii, kuna sababu ya ziada. Pesa hizo zimekuwa zikiandamana na usajili na uhakiki wa mara kwa mara, na kwa miaka kadhaa zililipwa kupitia benki kama vile KCB, Equity, Co-operative na Postbank. Mzee aliyezoea kuambiwa ahakikishe maelezo yake la sivyo akose malipo hana sababu ya kushangaa anapoambiwa hivyo tena, safari hii kwa simu.

Dalili ya hatari basi haiwezi kutafutwa katika sura ya ujumbe, kwa kuwa ujumbe ni halali. Haiwezi pia kutafutwa katika jina linaloonekana kwenye kioo, kwani programu kama Truecaller huonyesha majina yanayotokana na watumiaji, na laini ya tapeli inaweza kuandikwa jina la benki. Dalili imo katika kuja kwenyewe kwa msimbo. Mtambo wa benki hautumi msimbo hadi mtu aingize maelezo ya mteja mahali fulani. Ukiingia katika simu ya mtu ambaye hakuomba chochote, maana yake ni moja: kuna mtu mwingine aliyeuomba, na yuko mlangoni wakati huo. Ofisa wa benki hana matumizi nao, kwa sababu msimbo hutoka kwa mtambo, ukapita kwa mteja, ukarudi kwa mtambo ule ule.

Baada ya pesa kwenda, njia ya kuzirejesha ni nyembamba. Mteja anatakiwa aifahamishe benki ifunge akaunti, apige ripoti polisi na apewe nambari ya OB, kisha asubiri. Nambari 456, inayotumiwa kuomba kurudishiwa pesa zilizotumwa kimakosa, ni ya mtu aliyezituma mwenyewe kutoka M-Pesa yake. Hapa zilitoka benki. Nayo benki hujitetea kwa masharti ambayo mteja aliyakubali, kwamba anayetoa msimbo wake ameidhinisha malipo. Ni hoja yenye uzito kisheria, lakini inasahau kwamba ni benki iliyoruhusu simu isiyojulikana kusajiliwa na kufagia akaunti katika robo saa.

Sheria yenyewe ilichelewa. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 kilimlenga anayeunda tovuti au kutuma ujumbe ili kumshawishi mtu atoe maelezo yake, na kuweka faini isiyozidi Sh300,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kupiga simu hakukutajwa, ingawa mashtaka ya kujipatia pesa kwa udanganyifu yaliwezekana chini ya Sheria ya Adhabu. Marekebisho yaliyotiwa saini na Rais William Ruto mnamo Oktoba 15, 2025 yaliongeza simu. Hilo litawapa waendesha mashtaka maneno waliyoyakosa, ila halimleti mshukiwa kortini. Laini aliyotumia mara nyingi husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, na wapelelezi wakiifuata huweza kufika kwa mzee asiyejua lolote. Anayetaka kuhakikisha kitambulisho chake hakijatumiwa hivyo anaweza kubonyeza *106# na kuona laini zilizosajiliwa kwa jina lake.

Singapore ilipitia balaa la aina hii mwishoni mwa 2021, pale wateja wa benki ya OCBC walipolaghaiwa kwa jumbe za simu na kupoteza mamilioni ya dola. Januari 2022, mamlaka ya fedha ya nchi hiyo na benki ziliamua kwamba kifaa kipya kinachotumika kuidhinisha malipo kisianze kufanya kazi hadi saa 12 zipite. Julai 2024 zilitangaza kuondoa misimbo ya ujumbe katika kuingia kwenye akaunti kwa wateja wanaotumia kitambulisho cha kidijitali ndani ya simu zao. Hatua hiyo ya pili inahitaji simu ya kisasa, kwa hivyo haiwezi kumfaa mwenye kabambe. Ile ya kwanza haidai simu yoyote mpya, kwani saa hizo huhesabiwa na mtambo wa benki. Mama wa Mwingi aliyelaghaiwa saa nne asubuhi angekuwa na hadi saa nne usiku kumweleza mwanawe yaliyotokea, na tawi la benki lingekuwa bado liko wazi alasiri hiyo.

Gharama ya kuuandika upya ujumbe ni ndogo zaidi. Badala ya tarakimu zikifuatwa na onyo la Kiingereza, maneno yangetangulia, kwa Kiswahili, yakieleza kile msimbo unachofanya: kwamba kuna simu nyingine inayotaka kufungua akaunti yako, na nambari hii ndiyo itakayoifungulia. Mjukuu akisoma kuanzia mwanzo, nyanya atakuwa amesikia hayo kabla ya kufikia tarakimu ya kwanza.