Picha ya arusi: kwanza habari, kisha kicheko

Siku hizi arusi ya Masisi haiishii uwanjani. Wazazi wako Goma, dada yuko Minova, mjomba alibaki Walikale. Vita imetawanya jamaa, kwa hiyo wengi wanahudhuria kwa telefone. Ndiyo maana maneno yanayowekwa chini ya picha yana uzito.

Vijana wanapenda kuchekesha: « Kapiteni wetu amekamatwa leo saa nne, hakuna wa kumtoa. » Wanaomwona bwana arusi katika suti wanacheka. Lakini kwetu rezo ni dhaifu. Kwenye WhatsApp maandishi yanafika mbele, picha inabaki ukungu mpaka ipakuliwe, na mama asiye na megabaiti hataipakua. Yeye atasoma tu kwamba mtoto wake amekamatwa. Kwa mtu aliyekimbia vita, neno hilo si mchezo. Nalo « amejisalimisha kwa kamanda wake » ni vilevile: telefone ikifunguliwa kwenye bariere, nani atamweleza mwenye bunduki kwamba kamanda ni bibi arusi?

Mzaha wa mahari nao unauma. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inadai mahari, ingawa inakubali ndoa ifungwe sehemu yake tu ikiwa imetolewa. Familia nyingi zilipoteza ng'ombe kwa vita. Ukiandika « amechukua mke kwa deni », unaanika mbele ya watu jambo ambalo wazee wa pande mbili walilipanga kwa heshima ndani ya nyumba.

Kwa maoni yangu, maneno ya kweli yatangulie. Tuseme picha inaonyesha maarusi wakitoka kanisani, viatu vimejaa matope. Andika hivi: « Leo tumefunga ndoa. Baba na mama, hamkuweza kufika, lakini baraka yenu tuliisikia kwa telefone. Viatu vimeoga matope ya Masisi, bibi arusi hajakataa kutembea nami. »

Tazama mpangilio. Sentensi ya kwanza inatoa habari, hata picha isipofunguka. Ya pili inawataja wasiokuwepo. Kicheko kinakuja mwisho, bwana arusi mwenyewe ndiye anayejicheka, tena kwa kitu kinachoonekana pichani. Jina la kijiji mnapolala halimo, na halina lazima.

Wengine watasema tumelia vya kutosha, tuacheni tucheke. Ni haki yao. Ule mzaha mkali una mahali pake: kundi dogo la marafiki waliokuwa arusini. Lakini ukiweka statu, au ukitutumia salamu tuzisome redioni, jaribu kwanza hivi: msomee mtu maneno yako bila kumwonyesha picha. Akiuliza « kumetokea nini? », andika upya. Akisema « hongera », tuma.