Mtoto asirudishwe nyumbani juu ya mchango

Kwenye mazungumzo ya wazazi hapa Dzaleka kuna neno linalorudi kila mara: kila mzazi achangie kitu kidogo, na mtoto ambaye hajachangiwa abaki nyumbani mpaka alete. Wanaosema hivyo ni watu ninaowaheshimu. Kati yao wapo waliofundisha miaka mingi, wanaona darasa limejaa na chaki imeisha. Hawana roho mbaya hata kidogo. Lakini njia hii wengi wetu tulishaipita kabla ya kufika hapa.

Wakubwa wangu mliotoka Kongo, kumbukeni primu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilishindwa kulipa walimu, wazazi wakakubali kuwaongezea kitu kidogo ili shule zisifungwe. Ilikuwa iwe ya muda mfupi tu. Katiba ya 2006 ikaandika kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure, na primu ikaendelea. Ni mwaka 2019 ndipo serikali ilianza kweli kuiondoa. Kizazi kizima kilisoma kwa kufukuzwa na kurudi. Pesa ya shule ikishazoea kupitia mkononi mwa mtoto, kuitoa pale ni kazi ya miaka.

Najua jibu lao, na lina uzito. Wanasema: tazama Malawi yenyewe. Mwaka 1994 ada ya shule ya msingi iliondolewa, na wanafunzi wakapanda kutoka kama milioni 1.9 hadi karibu milioni 3 kwa mwaka mmoja. Serikali ikaajiri walimu karibu 20,000 haraka haraka, wengi hawajasomea ualimu. Wengine walifundisha chini ya miti. Ni kweli kabisa, kufuta ada peke yake hakuleti mwalimu. Lakini kumtoa mtoto darasani nako hakumleti.

Tufanye hesabu. Tuseme mama ana watoto wanne shuleni, na mchango ni kwacha 3,000 kwa kila mmoja kwa muhula. Hiyo ni 12,000. Anauza mandazi, na siku nzuri faida yake ni 1,500. Basi anahitaji faida ya siku nane nzima, bila kununua unga wa nyumbani wala sabuni. Hawezi, kwa hiyo analipa mmoja mmoja. Anaanza na kijana wa standadi ya 8 kwa sababu ya mtihani. Msichana wa standadi ya 6 anakuwa wa mwisho, na tena ndiye anayebaki na mdogo mgongoni. Akikaa nyumbani wiki tatu kwenye muhula wa wiki kumi na tatu, amepoteza karibu robo. Anarudi wenzake wako kwenye sehemu za desimali, yeye aliachia kwenye kugawanya. Mwalimu ana watoto wengi, hawezi kurudi nyuma kwa ajili yake. Baada ya mihula miwili ya hivyo, haji tena. Na sisi tunaofanya kazi na vijana tunakutana naye akiwa na miaka kumi na sita, tunaambiwa hapendi shule.

Kuna jambo lingine ambalo wageni wanaokuja kutusaidia huwa hawaliulizi. Mmalawi wa Area 25 akikosa pesa, anatoka asubuhi kutafuta ganyu popote Lilongwe. Sisi je? Malawi ilipokubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti yake kwenye vifungu kadhaa, kikiwemo cha kazi ya mshahara, cha elimu ya serikali na cha kutembea huru. Machi 2023 wakimbizi waliokuwa mijini waliamriwa kurudi kambini, na Mei wengi wakaletwa kwa nguvu, wakaacha maduka na bidhaa. Mtu aliyezuiwa kutafuta pesa, tunamfukuzia mtoto kwa sababu hana pesa.

Mimi sikatai mchango. Anayeweza atoe, na wapo wanaoweza, wenye maduka na wanaotumiwa na ndugu walio nje. Lakini ukusanywe na kamati, kutoka kwa mtu mzima, si kwa kusoma majina mbele ya darasa. Asiye na pesa afyatue matofali au afagie madarasa Jumamosi. Kilichoingia na kilichotoka kibandikwe ukutani kila mwezi, maana wazazi wengine wanakataa kwa sababu hawajui pesa ya muhula uliopita ilienda wapi. Pengine tutapata kidogo kuliko tukifukuza watoto. Posho ya mwalimu itabaki ndogo, hilo halitatatuliwa na wauza mandazi, ni la kupeleka kwa serikali na mashirika.

Kwa sasa naiomba kamati kitu kimoja kabla ya kupiga kura: muombeni mwalimu rejista ya muhula uliopita, mhesabu siku ambazo watoto walikosa juu ya mchango, na mtenganishe wavulana na wasichana. Hesabu hiyo isomwe mkutanoni, halafu tubishane.