Yaya ameachiwa uji, hajaachiwa mazungumzo

Mama anayevuka Busia au Namanga alfajiri kufuata mzigo humwachia yaya unga wa uji, maziwa na pesa ya dawa. Agizo ni moja: mtoto ale, asilie. Miaka baadaye, mtoto akifika darasa la tatu hajui kusoma, ndipo pesa ya masomo ya ziada inapoanza kumtoka. Kwa maoni yangu, agizo lile la alfajiri lina pengo.

Mwaka 1986, mjini Kingston, Jamaika, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor walianza kuwafuatilia watoto 129 wa familia maskini. Walikuwa na umri wa miezi 9 hadi 24, na wote wamedumaa. Wengine walipewa kilo moja ya maziwa ya unga kila wiki. Wengine walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya, saa moja kwa wiki. Wapo waliopata yote mawili, na wapo ambao hawakupata hata moja. Kazi hiyo ilidumu miaka miwili.

Mhudumu alikuwa na shughuli zaidi na mama kuliko mtoto. Alimwonyesha jinsi ya kucheza na mwanawe, kumtajia majina ya vitu, kumjibu anapotoa sauti na kumsifu. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa chupa za plastiki na maboksi. Vikaachwa nyumbani, wiki iliyofuata vikabadilishwa. Saa moja ya mgeni peke yake ni kidogo mno. Kilichohesabika ni siku sita zilizobaki.

Mwanzoni maziwa nayo yalisaidia akili, lakini baadaye faida hiyo ilififia. Waliotembelewa, walipofika miaka 17, walisoma vizuri zaidi na wachache wao waliacha shule. Walipokuwa na miaka 22 hivi, kipato chao kilizidi cha wenzao ambao hawakutembelewa kwa asilimia 25.

Watoto hao walikuwa wachache na hali yao ngumu, kwa hiyo asilimia 25 si ahadi kwa kila nyumba. Wala sisemi maziwa yaachwe. Mwenye njaa hachezi.

Basi yaya aongezewe kazi, na ikibidi mshahara. Mtoto akisema "ba", amjibu, angoje, amwache aseme tena. Akimenya vitunguu, amwambie anachofanya. Kama lugha yake ni Kiganda au Kiluo, azungumze hiyo anayoimudu. Ni bora kuliko Kiingereza cha kubahatisha.

Jioni, usiishie kuuliza kama amekula. Uliza, "Leo kasema nini? Kacheza na nini?" Yaya asipokuwa na la kusimulia siku tatu mfululizo, mtoto ameshinda mgongoni au mbele ya televisheni.